Barua kwa mwanangu: Usimlainishe Mwanaidi

"Baba, watu watatu wamesoma mswada wangu na wote wameuachia ukurasa wa 12. Wanasema wanamchukia Mwanaidi. Nimlainishe?"

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Mswada wako nimeusoma kwa siku mbili, barazani, mamako akinigombeza kwa kuacha kahawa ipoe. Mwanaidi muache na ukali wake. Kasoro iko kwingine.

Kumbuka hadithi za Sungura na Fisi alizokuwa akikupa bibi yako. Wote wawili ni walafi, wote waongo. Mbona ulikuwa upande wa Sungura? Kwa sababu bibi alikuwa akikunong'oneza hila yake kabla hajaitenda. Ukishaijua hila, unataka kuona kama itafaulu, na hapo umeshakuwa mwenzake. Fisi hatuambiwi alichopanga. Tunamkuta tu shimoni, tunamcheka.

Mwanaidi umemwandika kama Fisi. Ukurasa wa kwanza anaingia chumbani Majengo na kutupa nje masufuria ya mpangaji mjamzito. Kwa nini leo? Hatujui. Anataka nini? Hatujui. Tunachoona ni ukatili, na msimulizi wako anauongezea chumvi: "kwa kiburi", "kwa roho ya jiwe". Futa maneno hayo yote. Ukishamhukumu wewe, msomaji hana tena kazi.

Kisha, ukurasa wa 4 hadi wa 9, unaleta kisengerenyuma cha baba yake akimpiga. Hapo umeogopa, ukaenda kumwombea msamaha. Nayajua hayo, maana niliwahi kuandika mchezo wa redio, mhusika wangu dalali wa samaki, mwizi wa mizani. Nilipohofia kwamba watamchukia, nikamliza juu ya kaburi la mamake. Jirani yangu alisikiliza, akaniambia, "Huyo alipoanza kulia mimi nikaenda kuosha vyombo." Huruma ya kuombwa mapema haimshiki mtu, kwa sababu bado hajamjua anayehurumiwa.

Jambo lenye nguvu umelificha ukurasa wa 31: Mwanaidi anahitaji shilingi 80,000 kabla ya Ijumaa, la sivyo kaka yake atauza nyumba ya urithi kule Kuze. Lilete mwanzo. Asimame mlangoni kwa mpangaji akihesabu kichwani: miezi mitatu ya kodi, mara vyumba vinne, bado kunapungua 14,000. Kisha mpe macho. Mpangaji anasema hana hata senti, lakini Mwanaidi anaona mtungi wa gesi ni mpya, na pazia limetoka dukani juzi, bado lina mikunjo ya kukunjiwa. Mume ametuma pesa kutoka Uarabuni. Msomaji naye ameona pazia, naye amejua. Sasa yuko njamani, hata kama anajichukia kwa kuwemo. Masufuria yaende nje ukurasa wa 6, si wa kwanza. Tendo ni lile lile.

Na huyo mpangaji umemfanya malaika, ndiyo maana kila msomaji anahamia kwake. Ajibu. Amwambie Mwanaidi neno moja la kumchoma, tena la kweli, ili kwa mara ya kwanza tuone anajua kuumia, bila ya kaburi wala machozi.

Usije ukamfanya alishe paka. Mji wa Kale umejaa paka na kishawishi nakijua, lakini wema mdogo usiomgharimu kitu, msomaji anauona kama rushwa. Mpe mpaka ambao hauvuki hata ukimtia hasarani. Umeshaupanda bila kujua: anadanganya kwa mdomo kutwa kucha, lakini daftari la kodi halibadilishi hata tarakimu. Basi mwishoni, kaka yake amtake abadilishe mstari mmoja tu wa daftari hilo ili nyumba ipone. Sijui atafanya nini, nami ningesoma kurasa 200 ili nijue.

Haya yana kikomo. Pale ukurasa wa 58, anapomfinya mtoto wa mpangaji bila kupata chochote, hakuna ufundi utakaokuokoa. Ukatili usio na shabaha humtoa msomaji njamani papo hapo. Kiondoe kitendo kile.

Ukishaandika upya, mpe mtu mwingine, si wale watatu. Akifika ukurasa wa 10 mwambie asite, akueleze Mwanaidi atafanya nini baadaye. Akisema, "Natumaini atakamatwa," usihuzunike, huyo unaye bado. Akisema hajui, au akikuuliza kwani alipigwa na nani utotoni, rudi ukurasa wa kwanza.

Niletee kurasa sita za kwanza tu Jumapili ukija kula mbaazi. Mamako naye anataka kuzisoma. Anasema Mwanaidi ni shangazi yako mtupu, na mimi sijamjibu.

Babako