Nondo 16 zilizogeuka 19

"Naanza kujifunza ufundi wa nondo. Lori linakuja kesho asubuhi na fundi amenipa orodha ya vifaa vya linta niihakiki. Hesabu ya jumla inakubali. Kuna kingine cha kuangalia?"

Mdogo wangu, hiyo hesabu ya jumla ndiyo iliyoniaibisha mimi. Linta yetu ilizunguka nyumba ya mita 14 kwa 10, nondo nne za mm 12 kila upande. Mzunguko ni mita 48, mara nne ni 192, gawa kwa 12 ambao ndio urefu wa nondo moja: 16. Orodha nayo iliandika 16. Nikamwambia fundi iko sawa.

Akaniuliza, "Umezikata?" Sikumwelewa. Akaokota kipande cha mkaa, akachora juu ya ubao.

Upande wa mita 14 nondo moja haiufikii. Zinabaki mita 2, na mchoro wetu ulitaka nondo zinapoungana zilaliane mara 50 ya unene wake, yaani sm 60. Kwa hiyo kipande cha kuungia ni mita 2.6. Upande wa mita 10 unatoa kipande cha mita 2 kila nondo. Hapo ndipo orodha ilipodanganya: ilichukulia vile vya mita 2 vitajaza upande mrefu, na havifiki. Vipande vinane vya 2.6 vilihitaji nondo mbili zaidi, vinne kwa kila moja. Tumefika 18.

Bado kona. Kila kona ina vipande vinne vilivyokunjwa, kila mguu sm 60, kwa hiyo vyote ni 16 vya mita 1.2. Vinane vilitoka kwenye yale mabaki ya mita 2, viwili kwenye mabaki ya zile nondo mbili, na sita vilivyobaki vikala nondo nyingine. 19.

Kwa hiyo usigawanye jumla. Chora kila upande, andika urefu wa kila kipande pamoja na maungio, kisha vipange ndani ya mita 12 kama unayekata kweli. Ukichora utaona pia maungio yasikae yote sehemu moja. Sisi tuliyabadilisha, moja kushoto, linalofuata kulia.

Fundi alipiga simu dukani kabla hawajapakia. Akiwa bado hewani nikamnong'oneza kwamba waya wa kufungia haumo kwenye orodha. Alinitazama kwa muda, kisha akauongeza. Kitu kidogo, ila bila huo waya nondo zote zingelala chini na watu wamekaa.

Tulipomaliza kukata, kando ya vipande vifupi visivyofaa kitu, kilibaki kimoja kirefu. Fundi akanipa futi nikipime: mita 4.8, kama mkaa ulivyosema.