Piga namba ya Reynolds kabla ya kukata bomba

Wewe unayeanza kazi ya mabomba na umwagiliaji huku Dodoma, nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa shamba la zabibu upande wa Hombolo. Tanki la plastiki lilikuwa juu ya mnara, na uso wa maji ulikuwa mita 5 juu ya mdomo wa bomba kule shambani. Katikati kulikuwa na mita 100 za bomba jeusi la plastiki, lile linalouzwa kama la milimita 25 lakini ndani lina kama 20. Mzee mwenye shamba alitaka ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 50, yaani lita 0.4 kila sekunde. Nilifungua daftari la chuo, nikashika kanuni ya msuguano ya kwanza niliyokutana nayo, nikapata kwamba bomba litakula kimo cha mita 0.83 tu. Tuna mita 5, bomba linataka chini ya moja! Nikamwambia mzee kwamba hata koki itabidi aibane kidogo.

Siku ya kufungua maji, ndoo ilijaa kwa sekunde 75. Tukarudia, 75 tena. Nikakagua viungo vyote, nikapanda mnarani kutazama kama kuna kitu kimeziba, nikashuka mikono mitupu. Mzee alikuwa amekaa kivulini anatazama tu. Akasema, "Fundi, sekunde zako ndefu kuliko zangu."

Kanuni ile haikuwa na kosa. Ila ni ya maji yanayotembea kwa utulivu, na maji ya bomba lile hayakuwa hivyo hata kidogo. Sikujiuliza, nikaendelea na hesabu.

Maji ndani ya bomba yana mienendo miwili. Katika mtiririko tulivu yanakwenda kama matabaka yaliyovaana: yaliyogusa ukuta wa bomba yamesimama, yanayofuata yanatambaa, na ya katikati ndiyo yenye kasi kuliko yote. Kila tabaka linateleza juu ya jirani yake bila kuingiliana. Katika mtiririko wa vurugu, maji yanasonga mbele kwa jumla, lakini ndani yake yanazunguka, yanapanda na kushuka, yale ya katikati yanatupwa ukutani na ya ukutani yanavutwa katikati. Vizunguko hivyo vinakula nguvu, na nguvu hiyo inatoka kwenye kimo cha tanki lako. Ndiyo maana bomba lilelile, kwa maji yaleyale, linaweza kukuibia zaidi ya mara kumi ya ulichokisia.

Usiniamini kwa maneno. Chukua ule mpira mwangavu wa kupimia leveli ambao waashi wanao, wenye tundu la milimita 8, urefu wa mita 2 unatosha. Tumbukiza ncha moja kwenye ndoo ya maji iliyotulia juu ya meza, ncha nyingine ishushe chini na uvute maji mpaka yaanze kutiririka yenyewe. Kisha kwa bomba la sindano ingiza wino kidogo kidogo pale maji yanapoingilia mpirani. Bana ncha ya chini mpaka chupa ya nusu lita ichukue kama sekunde 100 kujaa. Utaona uzi wa wino umenyooka mpirani kama umechorwa kwa rula. Sasa achia mpaka chupa ijae kwa sekunde 15. Uzi unatikisika, unakatika, na sentimita chache mbele maji yote yamekuwa na rangi moja. Osborne Reynolds alifanya jaribio la namna hii kule Manchester, kwa bomba la kioo na rangi, na akachapisha matokeo yake mwaka 1883. Namba tunayoitumia ina jina lake.

Namba yenyewe ni hii:

```
Re = V × D / ν
```

V ni kasi ya maji kwa mita kwa sekunde, D ni kipenyo cha ndani kwa mita, na ν ni mnato wa maji uliogawanywa kwa densiti yake. Vizio vyote vinafutana, inabaki namba tupu. Maji ya nyuzi 30, ambayo ndiyo ya kawaida kwenye matanki yetu mchana, yana ν ya karibu 0.0000008. Sifuri hizo zimewaponza vijana wengi, kwa hiyo mimi hutumia njia ya mkato: kasi kwa mita kwa sekunde, mara kipenyo cha ndani kwa milimita, mara 1,250. Inafaa maji ya nyuzi 30 peke yake.

Chini ya 2,000, mtiririko wa bomba ni tulivu. Hata ukiutikisa, mtikisiko unakufa wenyewe. Juu ya 4,000, uhesabu kuwa wa vurugu. Kati ya hapo hauna msimamo, unaweza kuwa huku au kule. Reynolds mwenyewe, kwa kuyatuliza maji kwa uangalifu mkubwa, aliufikisha utulivu hadi karibu 12,000, lakini alikuwa na kioo laini na subira. Wewe una koki, viwiko na pampu inayotetemeka. Ukiangukia katikati, piga hesabu ya vurugu, maana ndiyo inayodai kimo kikubwa zaidi. Ukikosea, utakuwa umekosea upande wenye nafuu.

Turudi Hombolo. Lita 0.4 kwa sekunde ndani ya tundu la milimita 20 zinatembea kwa mita 1.27 kwa sekunde. Zidisha kwa 20, kisha kwa 1,250: unapata 31,750. Hapo hakuna ubishi. Upotevu wa kimo ni huu:

```
h = f × (L / D) × V² / (2 × g)

tulivu:  f = 64 / Re
vurugu:  f = 0.316 / Re^0.25
```

Hapa f ni namba ya msuguano, L ni urefu wa bomba kwa mita, na g ni mvutano wa dunia, 9.81. Mstari wa mwisho ni wa mtafiti Blasius, na unafaa mabomba laini kama haya ya plastiki mpaka Re ya karibu 100,000. Bomba la chuma lenye kutu lina hesabu nyingine. Mimi nilitumia 64 / Re, nikapata f ya 0.002, na kimo cha mita 0.83. Iliyotakiwa ni 0.0237, na hiyo inadai mita 9.8. Sikuwa na mita 9.8, nilikuwa na 5. Ukiigeuza hesabu uulize mita 5 zinaweza kusukuma kiasi gani, unapata lita 0.27 kwa sekunde, na ndoo ya sekunde 73. Viungo na koki vikaongeza mbili zilizobaki. Yaani ndoo ya mzee ilikuwa inanipa jibu sahihi muda wote nilipokuwa natafuta jani mnarani.

Dawa ilikuwa bomba la milimita 32, lenye tundu la 26. Kwa lita zilezile 0.4, kasi inashuka hadi mita 0.75, na kimo kinachopotea ni mita 2.8. Mita 5 zinatosha na chenji inabaki. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: Re imeshuka, sasa ni kama 24,400. Kijana huangalia D iko juu kwenye kanuni akadhani bomba pana lina vurugu zaidi. Ukishikilia lita zilezile, kasi inapungua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo bomba pana ndilo lenye Re ndogo. Hata hivyo, usifikiri utafika kwenye utulivu kwa kupanua. Mpira wa kawaida wa bustani wenye tundu la milimita 13 unakuwa tulivu pale tu ndoo ya lita 20 inapochukua zaidi ya dakika 20 kujaa. Nani anamwagilia hivyo? Maji kwenye mipira na mabomba yetu karibu siku zote ni ya vurugu. Mafuta ya alizeti kule Singida ni habari nyingine: mnato wake ni kama mara hamsini ya ule wa maji, na kwenye bomba langu la kwanza, kwa kasi ileile, Re isingefika hata 700.

Lakini 64 / Re usiifute daftarini, maana shamba lilelile lilikuja kuihitaji. Mzee aliweka umwagiliaji wa matone kwa vile vijibomba vyembamba, tundu milimita 1, urefu mita 1 kwa kila mzabibu. Kimo kwenye kijibomba kilikuwa kama mita 1. Kwa hesabu ya utulivu kinatoa lita 1.08 kwa saa, na Re yake ni kama 480. Kwa hiyo maji yanatoka tankini, yanapita bomba kubwa kwa vurugu, kisha yanatulia kabisa kwenye hatua ya mwisho, na kila sehemu inatii sheria yake. Ukiongeza kimo mara mbili, kijibomba kinatoa maji mara mbili kamili. Bomba kubwa lingetoa mara moja na nusu tu.

Siku moja kijana wa pale shambani akanipigia simu kwamba vijibomba vimeharibika: asubuhi vinatoa kidogo, mchana vinatoa mengi, na hakuna aliyegusa koki. Nikamwambia apime joto la maji yanayodondoka. Asubuhi nyuzi 20, mchana 40, maana vijibomba ni vyeusi na vimelala juani. Mtiririko tulivu unafuata mnato moja kwa moja, na maji ya moto ni mepesi kutiririka. Kijibomba kinachotoa lita 0.87 kwa saa asubuhi kitatoa 1.31 mchana bila hitilafu yoyote. Kwenye bomba kubwa lenye vurugu, joto hilohilo lingebadilisha maji kwa asilimia 6 hivi, na usingeligundua kwa ndoo.

Kwa hiyo ukipima matone, pima yote saa ileile, mapema, kabla jua halijachoma. Ongezeko la joto linaonekana kwenye vijibomba vyote vya mstari kwa pamoja. Kimoja kikiwa nyuma ya wenzake saa ileile, hiyo ni chumvi. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi sehemu nyingi, na katika mtiririko tulivu maji yanafuata kipenyo kwa kipeo cha nne: ukoko ukipunguza tundu kutoka milimita 1 hadi 0.9 tu, unene ambao huwezi kuuona kwa macho ukiwa umesimama, theluthi ya maji imeshaondoka. Kijibomba cha namna hiyo mimi sihangaiki kukizibua kwa waya. Nakikata, naweka kingine cha urefu uleule, nafungua maji, napima tena.