Nne zilizopatana ndizo zenye kosa: kuzimua nusu kwa nusu kabla ya kulinganisha rangi

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tulipewa sampuli ya pamanganeti ya potasiamu tutafute ukolezi wake kwa rangi. Tulianza na myeyusho mama wa miligramu 160 kwa lita, tukauzimua nusu kwa nusu mpaka tukapata 80, 40, 20, 10 na 5. Kolorimita ilisoma 0.99, 0.72, 0.36, 0.18 na 0.09. Sampuli ilisoma 0.45. Neli nne za mwisho zimekaa kwenye mstari mmoja, ya 80 imekataa. Je, niitupe hiyo ya 80? Na kwa nini hatukupima tu unga wa kila neli kwenye mizani?

Jibu: Marahaba. Usiitupe. Hiyo neli ya 80 ndiyo shahidi wako, na nina shaka kubwa kwamba kosa limejificha ndani ya hizo nne zinazopatana. Nitafika huko, lakini nianze na mizani, maana ukielewa kwa nini tunazimua utaona mwenyewe kosa linavyoingia.

Chukua neli ya mwisho, ile ya miligramu 5 kwa lita. Mililita 10 za myeyusho huo zina miligramu 0.05 tu za pamanganeti. Mizani nzuri ya maabara ya mafunzo inasoma hadi miligramu 1, kwa hiyo chembe unayoitafuta ni ndogo mara ishirini kuliko kitu kidogo kabisa ambacho mizani inaweza kukiona. Ukipima gramu 0.160 na kuiyeyusha katika lita moja, kosa lile lile la miligramu 1 ni chini ya sehemu moja katika mia. Kwa hiyo unapima mara moja, kiasi kikubwa, kwa uhakika, kisha kazi yote ya kupunguza unaikabidhi pipeti. Pipeti ya mililita 10 haijali kama kilichomo ni kikali au hafifu. Inapima ujazo uleule.

Kuhusu rangi yenyewe: rangi haina namba iliyoandikwa juu yake. Ukinionyesha neli moja ya zambarau, siwezi kukwambia ni miligramu 20 au 30, na hakuna mtu anayeweza. Ila ukiziweka neli mbili mbele yangu juu ya karatasi nyeupe, nitakwambia bila kusita ipi imekolea zaidi. Jicho linajua kulinganisha, halijui kupima. Ndiyo maana lazima ngazi ya neli zinazojulikana iwepo kabla sampuli haijaletwa.

Na ngazi hiyo kuwa ya nusu kwa nusu si kwa sababu ya urahisi wa hesabu peke yake. Jicho huitikia uwiano kuliko tofauti. Panga neli za 10, 20, 30 mpaka 80 kwa kuongeza kumi kumi, utaona kati ya 10 na 20 rangi imeruka, lakini kati ya 70 na 80 utakodoa macho bila kuona kitu. Panga za 5, 10, 20, 40 na 80, kila hatua itaonekana inalingana na iliyotangulia. Sampuli ikiangukia kati ya mbili, unajua papo hapo ni ipi mpaka wa chini na ipi wa juu.

Kolorimita nayo inahitaji ngazi ileile kwa sababu nyingine. Kanuni ya Beer na Lambert inasema kwamba ufyonzaji wa mwanga hukua sambamba na ukolezi, mradi mwanga unapita unene uleule wa myeyusho. Ukolezi ukipungua kwa nusu, namba ya kolorimita nayo ishuke kwa nusu. Hapo ndipo penye dawa ya tatizo lako: kabla ya kuchora mstari wowote, gawanya kila namba kwa iliyo juu yake.

Tuzigawanye zako. 0.09 kwa 0.18 ni nusu. 0.18 kwa 0.36 ni nusu. 0.36 kwa 0.72 ni nusu. Lakini 0.72 kwa 0.99 ni 0.73. Hatua tatu ni safi kabisa, moja tu imeharibika, na ni ile ya kutoka 80 kwenda 40. Hili linatuonyesha mahali pa kosa, ila halijatuambia nani mkosefu. Neli za 40, 20, 10 na 5 ni ukoo mmoja, zote zimezaliwa na ile ya 40. Kama ya 40 ilipata zaidi ya haki yake, watoto wake wote wamerithi ziada hiyo kwa uwiano uleule, na wataendelea kupatana vizuri, mstari umenyooka na unapita kwenye sifuri, huku wote wamekosea. Mstari ulionyooka unathibitisha kwamba hatua zako zilifanana. Hauthibitishi kwamba ulianza mahali sahihi.

Ninachodhani kilitokea ni hiki. Uliweka mililita 10 za maji kwenye neli, ukaingiza ncha ya pipeti mpaka chini, ukaachia mililita 10 za myeyusho mama, kisha ukavuta mililita 10 kutoka chini kupeleka neli inayofuata kabla hazijachanganyika sawasawa. Sehemu kali ikabaki chini, nawe ukaichota hiyo. Hesabu inakubali kwa namna inayonifurahisha. Ulichochota kiliongezewa maji kiasi chake kikasoma 0.72, kwa hiyo chenyewe kilikuwa cha 1.44. Kilichobaki nyuma kinasoma 0.99. Ujazo ni sawa, hivyo chukua wastani wa 1.44 na 0.99: ni karibu 1.2. Na kwa mwanga wa nanomita 525 na kyuveti ya sentimita 1, myeyusho wa miligramu 80 kwa lita husoma takriban hapo hapo.

Hata hivyo kuna mshukiwa wa pili, na haki yake asikilizwe. Kolorimita hupoteza unyoofu myeyusho unapokolea mno, kwa sababu mwanga unaopita unakuwa kidogo na ule unaopenya pembeni unaanza kuonekana mwingi. Myeyusho mama wako wa 160, kwa mfano, unapitisha chini ya sehemu moja katika mia ya mwanga, na ndiyo maana haufai kusomwa moja kwa moja. Huenda basi neli yako ya 80 ni sahihi, ilipaswa kusoma 1.44 kwa kufuata mstari wa zile nne, ila chombo kikaishusha.

Jaribio la dakika mbili litawatenganisha. Tikisa neli ya 80 vizuri, chukua mililita 5 zake, ongeza mililita 5 za maji, changanya, soma. Ikisoma karibu 0.72, chombo ndicho kilichokuwa kinapinda, neli nne ni sahihi, na sampuli yako ya 0.45 ni miligramu 25 kwa lita. Ikisoma karibu 0.50, kilichomo kwenye neli ya 80 si 80 tena, bali takriban 65. Neli ya 40 nayo kwa kweli ni ya 47 hivi, na sampuli yako ni karibu miligramu 30 kwa lita. Kutoka 25 hadi 30 si tofauti ya kufumbia macho.

Utakaporudia, ziba mdomo wa kila neli kwa kizibo na uipindue taratibu mara kumi kabla ya kuchota. Suuza pipeti kwa myeyusho unaokwenda kuuchota, na uumwage huo wa kusuuzia. Usipofanya hivyo, mabaki ya neli kali yatasafiri kwenda neli hafifu, na dalili yake ni tofauti na yako: migawanyo yote itakuwa juu kidogo ya nusu, tuseme 0.53 kila hatua. Inaonekana ndogo, lakini baada ya hatua tano neli ya mwisho itakuwa imezidi kwa karibu theluthi moja. Na ukikosea kiasi cha maji katika neli moja, neli hiyo pamoja na zote zilizo chini yake zitahama upande mmoja. Yako haikuwa hivyo: kama dhana yangu ya kwanza ni sahihi, ya 80 ilishuka, za chini zikapanda, na hiyo ni alama ya kutochanganya.

Pamanganeti ina mambo yake mawili ya kuangalia. Weusi wa myeyusho mama huficha fuwele ambazo hazijayeyuka, basi inua chupa juu ya taa na uiinamishe utazame kitako chake. Kwa weusi huohuo, kwenye alama ya shingo soma ukingo wa juu wa myeyusho, kwa kuwa mbonyeo wa chini hauonekani. Vilevile haivumilii vumbi, uchafu wala mwanga wa muda mrefu. Ukiona zambarau inaelekea kahawia, ngazi hiyo imekwisha, tengeneza nyingine. Ngazi na sampuli zisomwe siku moja, zikiwa zimetengenezwa kwa maji yaleyale yaliyotoneshwa.

Ukilinganisha kwa jicho ukitazama kutoka juu, kina lazima kilingane. Kila neli iliyotoa mililita 10 imebaki na 10, lakini ya mwisho haikumpa mtu, ina 20. Usipomwaga nusu yake itaonekana imekolea kama ya 10, na utailaumu pipeti bure.

Ngazi ya nusu kwa nusu ina kikomo: kosa la kila hatua linabebwa na hatua inayofuata. Mimi huitumia kupata mipaka tu. Sampuli ikishaonekana iko kati ya 20 na 40, natengeneza ngazi ndogo ya pili, kila neli moja kwa moja kutoka kwenye myeyusho mmoja wa 40 uliochanganywa vizuri, bila kupitia neli nyingine: mililita 7.5 na maji 2.5 kwa ajili ya 30, mililita 6.25 na maji 3.75 kwa ajili ya 25, mililita 8.75 na maji 1.25 kwa ajili ya 35. Myeyusho huo wa 40 uutoe upya kwenye mama, mililita 25 katika chupa ya mililita 100 yenye alama shingoni. Kisha soma sampuli yako tena kati ya hizo.