Usingoje Hedhi Irudi Ndipo Uanze Uzazi wa Mpango

Mimba yangu ya pili ilitoka ikiwa na wiki 9. Nilisafishwa kizazi, nikapewa dawa za maumivu na ruhusa ya kwenda nyumbani. Kabla sijatoka nilimwuliza nesi kama naweza kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, maana mwili na moyo vyote vilikuwa vimechoka. Akanijibu huku anaandika, "Ukipata hedhi ndiyo urudi, dada."

Nikangoja hedhi. Haikuja.

Wiki 6 baadaye nikapima mkojo, mistari miwili. Nilijipa moyo kwamba ni homoni ya mimba iliyotoka, na wala sikuwa nimekosea sana, kwa sababu homoni ile huweza kubaki mwilini wiki kadhaa na kipimo kikaendelea kuisoma. Ndiyo maana kipimo cha mkojo peke yake hakitoshi kipindi hicho. Nilipofanyiwa altrasaundi niliambiwa nina mimba ya wiki 6. Nikabisha: wiki 6 zilizopita si ndiyo nilikuwa nasafishwa? Daktari akanifanyia hesabu. Umri wa mimba huanza kuhesabiwa wiki 2 kabla haijatungwa. Kwa hiyo ile ya wiki 6 ilikuwa imetungwa wiki 4 nyuma, yaani kama siku ya 14 baada ya kusafishwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la ule ushauri. Mimba changa ikitoka, iwe imeharibika yenyewe au imetolewa, homoni zake hushuka na mayai huanza kupevuka upya. Yai linaweza kutoka mapema hata siku ya 8 au ya 10. Na yai ndilo hutangulia, hedhi hufuata wiki 2 hivi baadaye. Anayengoja hedhi ndipo ajikinge anakuwa ameliacha yai la kwanza lipite bila kinga.

Nadhani yule nesi alichanganya na mama aliyejifungua. Huyo kweli huambiwa asubiri wiki kadhaa kabla ya kumeza vidonge vyenye estrojeni, kwa hofu ya damu kuganda. Mimba iliyotoka mapema haina sharti hilo.

Mwaka jana binti wa dada yangu alipatwa na yaleyale, mimba ya wiki 8. Yeye hakusafishwa, alipewa vidonge vya kusaidia mabaki yatoke. Safari hii nilikwenda naye, na swali nililiuliza mapema. Alitaka lupu. Mtoa huduma akamwambia lupu lazima ingoje mpaka ihakikishwe kizazi kiko tupu, maana ikiwekwa wakati mabaki bado yanatoka inaweza kutoka nayo. Angekuwa amesafishwa, ingeweza kuwekwa palepale kazi ilipoisha, mradi hakuna maambukizi. Ukiwa na homa, maumivu makali chini ya kitovu au uchafu wenye harufu mbaya, lupu inaahirishwa na unatibiwa kwanza. Sindano, vidonge na vijiti havina kizuizi hicho, vinaweza kuanza hata mgonjwa akiwa kwenye matibabu ya maambukizi.

Basi akachagua kijiti, akawekewa mkononi siku ileile. Swali lake lilikuwa moja: kinaanza kufanya kazi lini? Jibu ni kwamba ukianza kijiti, sindano au vidonge ndani ya siku 7 tangu mimba itoke, huhitaji kinga ya ziada. Siku 7 zikishapita bado unaweza kuanza, ila kwanza ihakikishwe kwamba huna mimba mpya, kisha utumie kondomu kwa siku 7 za mwanzo. Vidonge vya homoni moja, visivyo na estrojeni, vinahitaji siku 2 tu. Kondomu yenyewe haina cha kusubiri, mnaanza nayo mara mnaporudiana. Kuhesabu siku kwenye kalenda ndiko kusikofaa kabisa kwa sasa, kwa sababu mzunguko wenyewe haujarudi, utahesabu kuanzia wapi?

Wiki ya pili alinipigia simu usiku: bado anatoka matone ya damu, je, ni kijiti au mabaki? Kijiti huleta matone yasiyo na mpangilio, na hilo halina hatari. Nikamwuliza anabadilisha pedi mara ngapi. Mbili kwa siku, akasema, na hazijai. Angeniambia analowanisha pedi 2 kwa saa moja, na saa inayofuata vilevile, au ana homa, tungeamka kwenda hospitali usiku uleule. Nikamwambia alale. Matone yaliendelea siku nyingine 5 yakakata.