Maswali na majibu: mishale ya mzunguko wa miamba

Tangu nilipochora mzunguko wa miamba, yaani jinsi jiwe la aina moja linavyokuwa la aina nyingine, ubaoni hapa Goma, maswali yameendelea kunifikia, mengine kutoka ng'ambo ya ziwa, Bukavu. Nimechagua yale yanayogusa mishale yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteleza.

"Mwalimu, kitabu kinaonyesha miamba ya moto inakuwa miamba tabaka, halafu miamba geu, halafu inayeyuka tena. Ni lazima jiwe lifuate mpangilio huo?" (mwanafunzi, Katindo)

Hapana. Jiwe halina ratiba. Lava iliyoganda leo inaweza kuliwa na mvua ikawa mchanga, au ikafunikwa na kuzama chini sana hadi ikageuka bila kupitia mchanga kabisa, au ikayeyuka upya. Kwa hiyo kila kisanduku kwenye mchoro wako kitoe mishale zaidi ya mmoja. Miamba geu nayo ikifika juu inamomonyoka kama mingine.

Na kitu kimoja ninachokisahihisha kila mwaka: mshale wa mmomonyoko usiuelekeze kwenye miamba tabaka. Uelekeze kwenye mashapo, yaani mchanga, changarawe na tope. Mashapo bado si mwamba. Mpaka yafukiwe, yabanwe, na madini yaliyo ndani ya maji yagandishe chembe kwa chembe kama saruji, ndipo tunapata mwamba tabaka.

"Uzito wa ardhi ndio unaoyeyusha mawe chini ya volkano yetu ya Nyiragongo, si ndiyo?" (mwanafunzi wa mwaka wa nne, Himbi)

Ni kinyume chake, na hili ndilo ningependa kila mtoto wa Goma alielewe vizuri. Mgandamizo unazuia mwamba kuyeyuka. Ukipungua ndipo mwamba unayeyuka.

Anzia jikoni. Goma ipo kwenye mita kama 1500 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi za selsiasi, si 100, kwa sababu hewa inayoyakandamiza kwa juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Ndiyo maana maharage yanamaliza makaa ya mama. Mgandamizo ukishuka, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi. Kuchemka si kuyeyuka, lakini kanuni ni ileile: kitu kinachohitaji nafasi zaidi kikibadilika hubanwa na mgandamizo kisibadilike.

Sasa shuka kilomita 100 chini ya miguu yetu. Kule mwamba una joto la nyuzi 1300 na zaidi, lakini ni mgumu, umebanwa na uzito wote ulio juu yake. Hapa kwetu bonde la ufa linavutwa pande mbili, ardhi inakuwa nyembamba, na ule mwamba wa chini unapanda polepole. Unapopanda haupoi sana, ila mgandamizo unapungua. Karibu na uso wa dunia mwamba wa aina hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi kama 1100 tu. Basi unajikuta na joto linalotosha bila mtu kuongeza moto. Maji na gesi ya kaboni vilivyomo ndani yake hushusha kiwango hicho zaidi. Wala hauyeyuki wote: ni sehemu ndogo tu inayochuruzika kutoka katikati ya chembe, ikakusanyika na kupanda. Hiyo ndiyo magma.

Kwenye mchoro wako, basi, pembeni ya mshale wa kuyeyuka andika "joto kupanda AU mgandamizo kushuka". Pembeni ya mshale unaokwenda miamba geu andika "joto na mgandamizo, bila kuyeyuka". Likishayeyuka, jiwe limeshatoka kwenye mshale huo.

"Mawe ya kujengea ukuta wetu yana vitundu vingi. Ni wadudu au ni maji?" (mama mwenye paseli, Majengo)

Ni gesi, mama. Lava ikitoka, gesi iliyokuwa imebanwa ndani inatoka povu, na mshale wa kupoa unapita haraka kiasi kwamba povu linagandia humo humo. Kupoa haraka huko pia ndiko kunakoacha chembe ndogo ambazo jicho halizioni. Magma inayopoa chini ya ardhi kwa maelfu ya miaka hupata muda wa kukuza chembe kubwa, kama za matale.

Uharaka wenyewe ni wa juu tu. Lava ya Januari 2002 iliyopita katikati ya mji hadi ziwani iliota gamba kwa dakika chache, na watu waliivuka siku zilizofuata huku nyayo zikiungua. Gamba la unene wa mita moja huchukua wiki moja hivi kuganda. La mita mbili halichukui wiki mbili bali nne, kwa sababu gamba lenyewe linazuia joto lisitoke.

"Huku Bukavu hatuna mawe meusi kama yenu, tuna udongo mwekundu unaoporomoka. Kwani volkano haikufika kwetu?" (mwanafunzi, Kadutu)

Ilifika, tena zamani kabla ya yetu. Vilima vingi vya Bukavu ni lava ya miaka milioni kadhaa, jamaa ya hii ya kwetu. Yetu ni ya jana. Yenu imekaa kwenye mvua mpaka ikaoza. Maji ya mvua, yakiwa na asidi kidogo, yameondoa madini yanayoyeyuka, yakabakiza udongo wa mfinyanzi na chuma kilichoshika kutu. Wekundu huo ni kutu.

Utaona hatua zote kwenye ukingo wa barabara uliochimbwa. Juu ni udongo mtupu. Chini yake kuna mawe ya mviringo yenye maganda kama kitunguu: vua ganda baada ya ganda la kahawia, na katikati utakuta kiini cheusi, kigumu, kama jiwe la Goma. Kuoza huko kunatokea palepale. Mmomonyoko ni pale mvua inapouchukua udongo na kuupeleka, na siku ile ziwa linapokuwa la kahawia kwenye midomo ya mito unauona mshale ukifanya kazi.

"Nitajuaje kwamba jiwe limepita kwenye mgandamizo?" (mwanafunzi, Idjwi)

Wewe una bahati, kisiwa chako kina kwartzaiti, ambayo zamani ilikuwa jiwe la mchanga. Livunje kwa nyundo, ukikinga macho yako kwa miwani. Jiwe la mchanga huvunjika kuzunguka chembe, na sehemu iliyovunjika inakwaruza kidole na kuacha mchanga. Kwartzaiti huvunjika kwa kukata chembe zenyewe, na sehemu hiyo inang'aa kama sukari iliyoshikana, wala haitoi mchanga. Kwenye shisti, mwamba geu mwingine, tazama vibamba vinavyometa, vyote vimelala upande mmoja, kwa sababu vilikua vikiwa vimebanwa.

"Kama kwartzaiti ilitengenezwa chini, ilifikaje juu ya kilima chetu?" (huyohuyo)

Mshale huo vitabu vingi vinausahau: kuinuliwa. Uchore kwa rangi nyingine, kutoka miamba geu kwenda juu. Ardhi ilipoinuka, mmomonyoko uliondoa kilomita za mawe yaliyokuwa juu yake, moja baada ya nyingine, mpaka jiwe likabaki wazi. Sasa liko kwenye kilima chenu, na mchanga unaotoka humo unashuka tena ziwani.