Iafoni moja haishiki: anza kwenye kiboksi

"Wakuu, iafoni zangu za bluutuzi, ya kushoto haishiki kabisa, ya kulia inapiga. Nifanyeje? Niko Tanga."

Mkuu, kwanza hakikisha ya kushoto inachaji. Irudishe kwenye kiboksi uangalie taa yake. Isipowaka, mara nyingi tatizo ni vile vipini vya shaba vya kuchajia. Kwa jasho na hewa yetu ya chumvi, hasa ukitembea Raskazone jioni, vinafanya ukungu wa kijani. Visugue kwa pamba yenye spiriti kidogo, vikauke, kisha chaji zote mbili zijae.

Sasa futa muunganisho wa zamani. Kwenye bluutuzi ya simu gusa jina la iafoni, chagua Forget, kisha zima bluutuzi. Hatua hii wengi wanairuka, na simu inaidaka ya kulia kabla haijakutana na mwenzake.

Zitoe zote kwa pamoja, uzibonyeze kwa wakati mmoja, kwa nyingi kama sekunde 10, hadi taa zimulike. Zingine kitufe kiko kwenye kiboksi. Zirudishe, zitoe tena. Moja ikiendelea kumulika na nyingine ikitulia, zimeshaungana. Hapo ndipo uwashe bluutuzi. Ukiona majina mawili, L na R, bado hazijaungana. Usiguse lolote, rudia.

Ikishika lakini sauti iko chini, safisha kiwavu kwa mswaki mkavu huku mdomo wake umeangalia chini, nta isizame ndani. Kisha angalia mizani ya sauti ya kushoto na kulia kwenye Settings za simu, sehemu ya Accessibility. Kiwavu kikiwa safi na mizani iko katikati, lakini sauti bado ndogo, huenda spika yenyewe imechoka.