Kupima kasi ya sauti kwa mikro mbili: shaka ilikuwa kwenye meta, si kwenye saa

Jumapili moja binti wa dada yangu alinijia nyumbani, Nguba, na ripoti yake ya fizikia ya mwaka wa kwanza. Alikuwa amepata kasi ya sauti ya mita 351.2 kwa sekunde, na kando ya jibu ameandika shaka ya 0.8, yaani kiasi ambacho jibu linaweza kupishana juu au chini. Joto chumbani lilikuwa nyuzi 22, ambapo hewa kavu hutoa 344.4. Pengo hilo alikuwa amelielezea kwa aya nzima: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo sauti inakimbia zaidi.

"Si ndivyo, mjomba?"

Sivyo, ingawa kisingizio hicho nimekisikia mara nyingi hapa kwetu. Ukipanda mlima, mgandamizo wa hewa hupungua na uzito wa kila lita ya hewa hupungua nao kwa kiasi kilekile, hivyo kasi ya sauti hubaki ikifuata joto. Unyevu ndio unaoongeza kidogo, na siku za mvua Bukavu unaweza kuongeza mita 1 au zaidi kidogo kwa sekunde. Tuseme tulitarajia 345.5. Bado jibu lake lilikuwa mbali kwa karibu mara saba ya shaka aliyoiandika. Jibu likikaa mbali namna hiyo, kabla ya kuulaumu mlima ichunguze kwanza ile shaka yenyewe.

Nikamwomba anionyeshe alivyopima. Mikro mbili ndogo za kubana kwenye shati, alizoazima kwa fundi wa sauti wa kwaya, zilibanwa juu ya ubao, moja nyuma ya nyingine, umbali wa sentimeta 50. Zote mbili ziliingia kwenye kadi moja ya sauti, moja kushoto na nyingine kulia. Hapo alifanya vizuri, kwa sababu ukirekodi kwa simu mbili kila simu ina saa yake, na huwezi kujua zimepishana kwa kiasi gani. Aligonganisha vibao viwili vya mbao kwenye mstari uleule wa mikro, akafungua rekodi kwenye programu ya Audacity, akahesabu sampuli kutoka wimbi lilipoanza kuinuka upande wa kushoto hadi lilipoinuka upande wa kulia. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli ni mikrosekunde 20.8.

Aligonga mara 20. Hesabu ilitoka 68, mara 69, mara 67, ikipishana kwa kama sampuli 0.7 kutoka wastani. Wastani wenyewe ulikuwa mikrosekunde 1,424. Akagawa 0.7 kwa kipeuo cha pili cha 20, akapata kama mikrosekunde 3.3, yaani asilimia 0.23 ya muda wote. Hiyo ndiyo 0.8 yake. Hesabu ni safi kabisa, ila imeishia nusu ya njia.

```
v = d / t
(Δv/v)² = (Δd/d)² + (Δt/t)²
```

Hapa v ni kasi, d ni umbali, t ni muda, na Δ ni shaka ya kila kimoja. Kipande cha umbali alikuwa amekiacha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema meta ya fundi seremala inasoma milimita, na milimita 1 kati ya 500 ni kitu kidogo. Ni kweli meta inasoma milimita, lakini inasoma umbali kati ya nini na nini? Yeye alipima kutoka ukingo wa nje wa mikro ya kwanza hadi ukingo wa nje wa mikro ya pili. Sauti haisikiki kwenye ukingo, inasikika kwenye kiwambo kilicho ndani, na kila mikro ina unene wa kama sentimeta moja. Bila kuifungua, unajua mahali pa kiwambo kwa milimita 5 hivi tu. Ncha mbili zenye shaka ya milimita 5 kila moja hazijumlishwi moja kwa moja. Unachukua mraba wa kila moja, unajumlisha, kisha unatafuta kipeuo cha pili. Inatoka milimita 7, na 7 kati ya 500 ni asilimia 1.4.

Sasa weka vyote viwili kwenye kanuni. Mraba wa 1.4 ni 1.96, mraba wa 0.23 ni 0.05. Jumla ni 2.01, na kipeuo chake cha pili ni asilimia 1.42. Jibu la kweli la siku ile lilikuwa 351 na shaka ya 5, na 345.5 inakaa karibu tu na mpaka wake. Tazama pia kwamba kugonga mara 20 hakukumsaidia kitu. Angegonga hata mara 100, sehemu ya muda ingeshuka hadi asilimia 0.1, na jumla ingebaki 1.4. Wastani hupunguza kile kinachobadilika kila ukigonga. Kiwambo hakikuhama hata mara moja.

(Kuna mtego wa upande wa pili. Ukipata 68 mara zote 20, usiandike shaka sifuri. Kila alama imesogezwa kwenye sampuli iliyo karibu, kwa hiyo tofauti ya alama mbili hubaki na shaka ya sampuli moja kugawa kwa kipeuo cha pili cha 6, kama mikrosekunde 8.5, na marudio hayaiondoi.)

Tulichofanya ni kuacha kuutegemea umbali mmoja. Mikro ya kwanza hatukuigusa. Ya pili tulisogeza ubanio wake wote, bila kuigeuza, hadi mita 0.5, 1, 1.5 na 2, tukagonga mara 20 kila mahali. Mvua ilitusimamisha saa nzima, kwani chini ya bati huwezi kurekodi chochote. Wastani ulitoka mikrosekunde 1,424, 2,868, 4,319 na 5,765. Ukichora muda dhidi ya umbali, mstari unapanda mikrosekunde 2,895 kwa kila mita. Gawanya 1 kwa hiyo: mita 345.4 kwa sekunde.

Kosa la kiwambo ni lilelile kwenye nukta zote nne, kwa hiyo linausogeza mstari wote bila kubadili mteremko wake. Shaka iliyobaki ni ya muda, kama 0.35, na ya kuweka mikro kwenye alama kwa milimita 1 kila mara, kama 0.3. Kwa mraba na kipeuo, ni 0.5. Meta yenyewe ikiwa imevutika, mteremko hautakuokoa, kwa hiyo tuliilinganisha kwanza na rula ya chuma.

Hautakuokoa pia ukigonga pembeni. Sauti ikija kwa mshazari, muda unapungua na kasi inatoka kubwa kuliko ilivyo, kila mara upande huohuo. Nyuzi 10 za pembe zinaongeza karibu mita 5 kwa sekunde, nyuzi 3 zinaongeza nusu mita. Tulivuta uzi kutoka vibao hadi mikro ya mwisho.

Mstari wetu haukupita kwenye sifuri. Ulikosea kwa mikrosekunde 24.5, ambazo kwa kasi ile ni milimita 8 na nusu. Binti akachukua bisibisi ndogo, akafungua mikro moja kwa ruhusa ya fundi wa kwaya. Kiwambo kilikuwa milimita 4 ndani ya ukingo. Mikro mbili, milimita 8. Akaifuta aya ya mlima.